Malaria: Kwa nini chandarua chenye dawa humlinda hata asiyelala ndani yake?

Jua linapotua Kikagate, mji mdogo ulio kando ya mto Kagera kwenye mpaka wa Uganda na Tanzania, mbu huanza kutoka walikojificha mchana. Hali ni hiyo hiyo upande wa pili wa wilaya ya Isingiro, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambako watu kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia na kwingineko wanaishi kandokando ya ziwa lenye jina hilo.

Uganda ni ya tatu duniani kwa idadi ya wagonjwa wa malaria, baada ya Nigeria na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Katika makazi kama Nakivale, mtoto aliyetoka eneo lenye baridi na malaria chache, kama vile nyanda za juu za Burundi, hufika akiwa na kinga ndogo mwilini, hivyo homa yake inaweza kuwa kali haraka zaidi.

Silaha inayotumiwa na wengi ni chandarua chenye dawa. Watu wengi wanakifahamu kama ukuta wa nyuzi unaomtenga mbu na mtu aliyelala. Hiyo ni sehemu tu ya kazi yake. Sehemu iliyo kubwa zaidi haionekani kwa macho: chandarua hufupisha maisha ya mbu. Maelezo yafuatayo yanaonyesha namna inavyotokea, na mahali ambapo kazi hiyo huharibika.

1. Mbu anayeambukiza ni mbu mzee

Mbu hazaliwi na malaria. Mbu jike wa jamii ya Anofelesi huanguliwa akiwa safi. Huvipata vimelea pale tu anapomuuma mtu ambaye tayari anavyo katika damu yake.

Hata baada ya kuvinyonya, bado hawezi kumwambukiza mtu mwingine usiku uleule. Vimelea hivyo vinapaswa kwanza kukua na kuongezeka ndani ya tumbo lake, kisha visafiri hadi kwenye tezi za mate. Safari hiyo huchukua muda unaotegemea joto. Kwenye joto la nyuzi 25, vimelea vya malaria iliyo hatari zaidi barani Afrika huhitaji takriban siku 12. Kwenye nyuzi 20, muda huo hupanda hadi karibu siku 28.

Hii ndiyo mojawapo ya sababu zilizofanya sehemu za juu zenye baridi, kama vilima vya Mbarara vilivyo zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ziwe na malaria pungufu kuliko mabonde yenye joto. Mbu wengi hufa kabla vimelea havijakomaa.

Kwa maneno mengine, mbu anayeambukiza ni yule aliyebahatika kuishi siku nyingi. Na mbu wa namna hii hana maisha marefu: wengi hawamalizi hata wiki mbili.

2. Kila siku mbili au tatu mbu hulazimika kurudi

Mbu jike hanywi damu kwa ajili ya kushiba tu. Anaihitaji ili mayai yake yakomae. Akishaipata hupumzika, hutaga kwenye maji, kisha hutafuta damu tena. Mzunguko huo huchukua siku mbili hadi tatu.

Katika zile siku 12 ambazo vimelea vinakomaa, basi, mbu huyo atalazimika kuingia ndani ya nyumba kutafuta damu mara nne au zaidi. Humtambua mtu aliyelala kwa hewa anayopumua, harufu ya mwili wake na joto lake. Kila anaposogea, kama watu wa nyumba hiyo wamelala ndani ya vyandarua vyenye dawa, hujigonga kwenye nyuzi zilizotiwa sumu.

Hapo chandarua hufanya mambo matatu. Kwanza, humzuia mbu kumfikia mtu. Pili, dawa humfukuza, kwa hiyo baadhi ya mbu huondoka bila kuuma yeyote. Tatu, humwua yule anayeendelea kung'ang'ania, kwa sababu dawa iliyomo ndani ya nyuzi hupenya kupitia miguu yake anapotua.

Chandarua kisicho na dawa hufanya lile jambo la kwanza peke yake. Mbu aliyezuiwa na chandarua cha aina hiyo huruka hadi kitanda kinachofuata, au hadi nyumba ya jirani.

3. Hesabu ya mbu 100

Tuchukue mfano wa hesabu. Mbu 100 wamenyonya vimelea usiku mmoja, na joto ni nyuzi 25.

Katika kijiji kisicho na vyandarua, tuseme mbu mmoja kati ya kumi hufa kila siku kwa sababu za kawaida, kama kuliwa na buibui, upepo au uzee. Siku ya pili watabaki 90, siku ya tatu 81, na kadhalika. Baada ya siku 12 watakuwa wamebaki mbu 28. Hao ndio watakaoweza kuambukiza.

Sasa tuseme vyandarua vyenye dawa vimetundikwa katika nyumba nyingi, na mbu wanaokufa kila siku wameongezeka kutoka mmoja hadi wawili kati ya kumi. Baada ya siku 12 watabaki mbu 7 tu.

Vifo vya kila siku vimeongezeka mara mbili, lakini mbu hatari wamepungua mara nne. Na hao 7 waliosalia nao wana siku chache zaidi za kuendelea kuuma kuliko wale 28. Hapo ndipo ilipo nguvu ya chandarua chenye dawa. Hakihitaji kumwua kila mbu usiku wa kwanza. Kinatosha kumpunguzia nafasi ya kuzeeka.

4. Ndiyo maana jirani naye hupona

Hesabu hiyo ilithibitishwa na maisha halisi. Katika miaka ya 1990, watafiti waligawa vyandarua vyenye dawa katika baadhi ya vijiji vya Asembo na Gem, magharibi mwa Kenya, huku vijiji vingine vikisubiri zamu yao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba watoto wasio na vyandarua, lakini wanaoishi umbali usiozidi mita 300 kutoka kwenye maboma yenye vyandarua, walipata kinga iliyokaribia ile ya watoto waliolala ndani ya vyandarua.

Faida hiyo ya ujirani hupatikana pale tu watu walio wengi wanapovitumia. Chandarua kimoja katika kijiji cha nyumba 50 humlinda mwenye nacho, lakini hakibadilishi umri wa mbu wa kijiji. Ndiyo sababu Uganda imekuwa ikigawa vyandarua kwa kampeni za nchi nzima, badala ya kuwapa wajawazito na watoto wadogo peke yao.

5. Watu saba, vyandarua vinne

Kanuni inayotumiwa katika kampeni hizo ni chandarua kimoja kwa watu wawili. Idadi ikiwa witiri, hujazwa kwenda juu.

Chukua mfano wa kaya ya watu saba katika kijiji kimoja cha Nakivale: baba, mama na mtoto mchanga, watoto wawili wa umri wa kwenda shule, kijana wa kiume wa miaka 14, na bibi yao. Saba ukigawanya kwa mbili ni tatu na nusu, kwa hiyo kaya hiyo hupewa vyandarua vinne. Wazazi na mtoto mchanga hutumia kimoja, watoto wawili kimoja, bibi kimoja na kijana kimoja. Wote wamefunikwa.

Mwaka mmoja na nusu baadaye, kimoja kimechanika vibaya, na mgawo mwingine bado uko mbali, kwa kuwa kampeni hupangwa kufanyika kila baada ya miaka mitatu hivi. Nani atalala nje? Mara nyingi si mtoto mchanga wala bibi. Ni kijana. Tafiti nyingi barani Afrika zimeonyesha kwamba watoto wa umri wa shule na vijana ndio wanaolala chini ya chandarua mara chache zaidi kuliko watu wengine wa nyumbani.

Huo ni uamuzi unaoeleweka, kwa sababu malaria huua zaidi watoto walio chini ya miaka mitano. Lakini una gharama yake. Watoto wakubwa na vijana huweza kubeba vimelea katika damu bila kuugua wala kuhisi homa. Mbu anayemuuma kijana huyo usiku huondoka na vimelea. Siku 12 baadaye, mbu huyo huyo, kama bado yu hai, anaweza kumwambukiza mtoto mchanga katika chumba kile kile siku ambayo chandarua chake hakikuchomekwa vizuri.

6. Tundu linapaswa kuwa kubwa kiasi gani?

Swali la kila nyumba ni lini chandarua kimekwisha kazi. Wataalamu wana kipimo ambacho mtu yeyote anaweza kukitumia, kwa sababu kinatumia viungo vya mwili: kidole gumba, ngumi na kichwa.

Kila tundu hupewa alama. Tundu dogo lisilopitisha kidole gumba ni alama 1. Linalopitisha kidole gumba lakini halipitishi ngumi ni alama 23. Linalopitisha ngumi lakini halipitishi kichwa ni alama 196. Lililo kubwa zaidi ya hapo ni alama 576. Kisha alama zote hujumlishwa. Jumla isiyozidi 64 inamaanisha chandarua bado ni kizima. Kati ya 65 na 642 kimeharibika lakini kinafaa kutumika na kushonwa. Kuanzia 643 kinahesabiwa kuwa hakifai tena.

Kwa mfano, chandarua chenye matundu mawili yanayopitisha kidole gumba na matano yasiyokipitisha kina alama 51. Bado ni kizima. Chenye matundu manne yanayopitisha ngumi lakini hayapitishi kichwa kina alama 784. Hicho kimekwisha.

Jambo la kuzingatia ni kwamba tundu dogo lililoshonwa leo kwa sindano na uzi halifikii kamwe ukubwa wa kichwa. Katika nyumba za udongo na vibanda vya turubai, vyandarua huchanika zaidi sehemu ya chini, pale vinapochomekwa chini ya mkeka au kukwaruzwa na miti ya kitanda. Kukikunja na kukifunga juu asubuhi, mbali na moto wa kupikia, hupunguza uharibifu huo.

Dawa nayo ina ukomo. Vyandarua vya kudumu hutengenezwa vistahimili kufuliwa mara 20 na kutumika miaka mitatu, ingawa katika nyumba nyingi huchakaa mapema zaidi. Hufuliwa kwa maji baridi na sabuni ya kawaida isiyo kali, bila dawa ya kung'arisha nguo, na huanikwa kivulini, kwa sababu jua kali huiharibu dawa. Chandarua kipya huanikwa kivulini kwa siku moja kabla ya kutumiwa, ili kupunguza mwasho unaoweza kumpata mtu katika siku za mwanzo.

7. Mbu wamejifunza kustahimili sumu

Kwa miaka mingi vyandarua vyote vilitumia kundi moja la dawa, linaloitwa pairethroidi. Kwa kuwa mbu wale wale walikutana na sumu ile ile usiku baada ya usiku, wale wachache waliozaliwa na uwezo wa kuistahimili ndio waliobaki na kuzaa. Leo usugu huo umeenea Uganda na sehemu kubwa ya Afrika Mashariki.

Wataalamu huutambua kwa jaribio rahisi. Mbu huwekwa kwa saa moja ndani ya mrija wenye karatasi iliyopakwa dawa, kisha huhesabiwa baada ya saa 24. Wakifa 98 au zaidi kati ya 100, dawa bado ina nguvu. Wakifa pungufu ya 90, usugu umethibitishwa.

Tukirudi kwenye ile hesabu ya mbu 100, usugu unamaanisha kwamba mbu hutua kwenye nyuzi na kuondoka hai. Chandarua kizima bado humzuia kumuuma aliyelala, lakini ile kazi ya kufupisha maisha hudhoofika, na faida kwa jirani hupungua pamoja nayo. Tundu nalo huwa hatari zaidi. Mbu asiye sugu mara nyingi hufa au hukimbia kabla hajaligundua tundu, ilhali mbu sugu ana muda wa kulitafuta.

Jibu la kwanza lilikuwa kuongeza kemikali ya pili, inayojulikana kwa herufi PBO. Hiyo peke yake haimwui mbu. Kazi yake ni kuzuia vimeng'enya ambavyo mbu sugu huvitumia kuivunjavunja sumu mwilini, ili pairethroidi ifanye kazi tena. Ilijaribiwa Muleba, katika mkoa wa Kagera, Tanzania, ng'ambo ya mto kutoka Kikagate. Miezi tisa baada ya kugawiwa, watoto waliokutwa na vimelea walikuwa asilimia 31 katika vijiji vilivyopewa vyandarua vya PBO, na asilimia 42 katika vijiji vilivyopewa vya kawaida.

Uganda ilifanya jaribio lake ndani ya kampeni ya taifa ya mwaka 2017 na 2018, katika maeneo 104 ya afya ya mashariki na magharibi mwa nchi. Baada ya miezi sita, watoto wa miaka 2 hadi 10 waliokuwa na vimelea walikuwa asilimia 11 kwenye maeneo ya PBO na asilimia 15 kwenye maeneo mengine.

Hatua iliyofuata ilipatikana Misungwi, mkoani Mwanza. Huko vyandarua viliongezwa dawa ya kundi tofauti kabisa, klorfenapiri, ambayo huharibu uwezo wa chembe za mwili wa mbu kuzalisha nguvu. Mbu hafi papo hapo, bali hufa polepole, hata baada ya siku tatu. Miaka miwili baada ya ugawaji, watoto wenye vimelea walikuwa asilimia 26 kwa waliopewa vyandarua hivyo na asilimia 46 kwa waliopewa vya kawaida. Mwezi Machi 2023 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipendekeza vyandarua vya aina hiyo vitumike mahali ambapo mbu wamekuwa sugu.

Kwa hiyo vyandarua viwili vinavyofanana kwa rangi na ukubwa vinaweza kutofautiana kabisa kwa nguvu. Tofauti iko kwenye lebo iliyoshonwa pembeni, inayotaja dawa iliyotumika.

8. Saa ambazo chandarua hakipo

Mbu wengi wa malaria huuma usiku wa manane, wakati watu wamelala. Lakini si wote. Wapo wanaoanza mapema jioni, wakati mama bado yuko jikoni nje ya nyumba akiwa na mtoto mgongoni, na wengine huendelea alfajiri.

Pengo hilo lilichunguzwa katika wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, na watafiti wa Marekani wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara. Akina mama 400 wenye watoto wa umri wa takriban miezi sita walipewa vyandarua vipya. Nusu yao walipewa pia kanga za kubebea watoto zilizotiwa dawa ya pamethrini, na nusu nyingine kanga zilizolowekwa kwenye maji tu.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2025. Watoto waliobebwa kwenye kanga zenye dawa walipata malaria kwa kiwango kilichokuwa pungufu kwa takriban theluthi mbili. Kwa kuwa makundi yote mawili yalikuwa na vyandarua vipya, tofauti hiyo inaonyesha kuwa kuna maambukizi mengi yanayotokea nje ya chandarua.

Hilo halipunguzi thamani ya chandarua, bali linaonyesha mpaka wake. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015 ulikadiria kwamba kati ya mwaka 2000 na 2015 hatua za kupambana na malaria ziliepusha visa milioni 663 barani Afrika, na kwamba asilimia 68 ya visa hivyo viliepushwa na vyandarua vyenye dawa.

Kwa kaya ile ya watu saba, mambo matatu ndiyo yanayoamua: matundu yashonwe yangali ya ukubwa wa kidole gumba, kijana wa miaka 14 asiachwe nje, na mtoto anayepata homa apelekwe kupimwa ndani ya saa 24, hata kama kila usiku amelala ndani ya chandarua.